Nan Tomasa wa Kwenye Blogu

Ripoti ya mradi wa majiko ilifika mezani kwa Ilse Racancoj Jumatatu moja ya mvua, mwezi wa Oktoba, na hadi ilipofika saa ya chakula alikuwa ameisoma yote bila kukutana na mtu hata mmoja ndani yake. Kulikuwa na kaya, walengwa, viashiria na asilimia ya kuni zilizookolewa. Kulikuwa na sura nzima juu ya vifaa vilivyochelewa kupita mlimani kwa sababu ya maporomoko. Lakini mtu anayekohoa, au anayepika, au anayecheka, hakuwemo.

Hilo halikuwa kosa la ripoti. Candelaria Tax, aliyeiandika, alikuwa mratibu wa kijiji cha Chuitzalá, na aliiandika kama wafadhili walivyotaka kwenye mkataba: tulisema tutajenga majiko banifu, tumejenga, haya hapa matokeo. Kazi ya Ilse ilikuwa nyingine. Yeye ndiye aliyeandika blogu ya shirika lao dogo la Lumbre, lenye ofisi ya vyumba vitatu juu ya duka la viatu mjini Xela, na blogu ilisomwa na watu wa kawaida wa Kanada waliochangia kidogokidogo kila mwezi. Hao hawakuwa na haja ya viashiria.

"Hebu niambie," alisema mkurugenzi, Don Aníbal Ovalle, akiwa ameegemea mlango. "Ile ya mwezi uliopita waliisoma wangapi?"

"Wachache."

"Wachache maana yake wewe, mimi na mama yako."

"Mama yangu hakuisoma, Don Aníbal."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Kampeni ya mwisho wa mwaka ilikuwa inakaribia, na bila hiyo kijiji kinachofuata kisingepata majiko. "Nitafutie mtu mmoja," akasema. "Mmoja tu. Mwenye sura, mwenye jina. Mtu akisoma kule Toronto asahau kwamba chai yake inapoa."

Ilse alijua alichoambiwa ni kweli. Alikuwa amejifunza kazi hiyo kwa miaka kadhaa: idadi kubwa haimgusi mtu, mtu mmoja humgusa. Unaanza na tukio, si na takwimu. Unaonyesha hali ilivyokuwa, unaonyesha kilichobadilika, kisha unamwonyesha msomaji kwamba mkono wake mwenyewe umo katika mabadiliko hayo, na mwishoni unamwomba jambo moja tu. Ukimwomba mawili, hafanyi lolote. Kwa hiyo alimpigia Candelaria, naye Candelaria akasema bila kusita, "Nenda kwa Nan Tomasa Puac. Anapenda wageni na anapenda kuzungumza."

*

Walipanda mlimani pamoja siku ya Alhamisi. Candelaria alimfikisha mlangoni, akawatambulisha, kisha akaenda kukagua bomba la moshi lililolegea nyumba ya tatu.

Nan Tomasa alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye misuko miwili ya nywele iliyofungwa kwa utepe wa zambarau. Kihispania chake kilikuwa cha sokoni, kinatosha bei na salamu, na pale kilipokwama alichanganya Kik'iche', lugha ya wenyeji wa milimani, ambamo nan ni mama. Ilse naye Kik'iche' chake kilikuwa cha jikoni kwa bibi yake, cha njoo ule na usiguse moto. Wakaelewana.

"Racancoj wa wapi wewe?" aliuliza Nan Tomasa akimimina uji wa mahindi.

"Wa Xela, nan. Lakini bibi alitoka upande wa Cantel."

"Basi wewe si mgeni. Kunywa."

Alisimulia vizuri. Alieleza jinsi miaka yote, kabla na baada ya kufiwa na mumewe, alivyopikia kwenye mafiga matatu sakafuni, jinsi moshi ulivyolala chini ya paa kama ng'ombe asiyetaka kuamka, jinsi mjukuu wake Yesenia alivyokuwa akikohoa usiku, na jinsi asubuhi alivyokuwa akifumbua macho kwa kuyaosha kwanza. Sasa alikuwa na jiko la matofali lenye bati pana la kuokea tortiya, chapati za mahindi, na bomba la kutoa moshi nje. Kikohozi cha mtoto kilikuwa kimepungua. Kuni alizokuwa akimaliza kwa siku chache zilimfikisha wiki. Ilse aliandika kwa haraka, moyo umemchangamka, kwa sababu yote yaliyokuwa kwenye ripoti yalikuwa yanatoka mdomoni mwa mtu.

Kisha Nan Tomasa akasimama. "Njoo nikuonyeshe."

Nyuma ya chumba cha kupikia cha udongo ilisimama nyumba ya matofali ya saruji, ghorofa mbili, iliyopakwa rangi ya samawati, yenye vioo vya kuakisi na nguzo mbili mbele kama za benki. Ilse alikuwa ameiona tangu barabarani, akadhani ni ya jirani.

"Ya mwanangu," alisema Nan Tomasa. "Nehemías. Yuko Trenton, Marekani, anaezeka mapaa. Alianza kutuma pesa tangu mwezi wa kwanza, hajakosa."

Akampandisha ghorofani. Chumba kimoja kilijaa mahindi. Kingine kilikuwa na kitanda kikubwa, godoro lake bado limo kwenye nailoni, na juu yake mto mmoja uliotarizwa ndege. "Hiki chake," akasema, akaupapasa mto. "Akirudi. Mimi huku silali, kuna baridi. Na hilo jiko la gesi alilonunua, chini kule, tortiya zake hazina ladha. Usimwambie."

Wakacheka wote wawili, Ilse ameweka mkono ukingoni mwa kitanda. Ilse aliyaandika hayo pia.

Waliposhuka mwanga wa jua ulikuwa umeingia jikoni vizuri, na Ilse akatoa kamera. Alipiga picha ya jiko jipya. Ilikuwa picha nzuri, safi, na haikuwa na kitu: mwanamke anatabasamu mbele ya matofali. Picha za namna hiyo walikuwa nazo mamia. Akatazama nje, akaona mafiga ya zamani yamerundikwa karibu na banda la kuku.

"Nan, samahani. Naweza kukuomba kitu? Tuyarudishe yale mawe ndani kidogo, uwashe moto, nipige picha ya jinsi ulivyokuwa unapika zamani. Ili watu waelewe."

Nan Tomasa alimtazama kama mtu aliyeambiwa avae nguo za utotoni. "Moshi utajaa."

"Dakika chache tu."

"Haya, mwanangu. Kama ndiyo kazi yako."

Wakayabeba mawe wenyewe. Kuni zilikuwa na unyevu. Moshi ukapanda mzito. Nan Tomasa aliinama kupuliza, akakohoa, akainua uso kuelekea kamera, na chozi moja likateremka shavuni na kushika mwanga. Ilse akabonyeza. Alijua papo hapo kwamba hiyo ndiyo picha.

"Umepata?" aliuliza Nan Tomasa, akijifuta kwa kitambaa.

"Nimepata, nan. Ahsante sana."

Kabla ya kuondoka alimsomea karatasi ya ridhaa: shirika linaweza kutumia picha na jina lake. Nan Tomasa aliweka sahihi yake ya herufi kubwa, polepole, kisha akamfungia kwenye kitambaa tortiya tano za kula njiani.

*

Rasimu ya kwanza Ilse aliiandika kwa siku moja, na yote yalikuwemo: moshi, Yesenia, jiko, na nyumba ya samawati yenye kitanda kinachongoja. Don Aníbal aliisoma akiwa amesimama.

"Mwanzo mzuri sana. Picha, sina la kusema. Lakini hapa katikati unaniua. Mwana yuko Marekani, nyumba ya ghorofa? Mtu wa Toronto akifika hapo anajiuliza, sasa mimi nichange kwa nini? Anafunga ukurasa."

"Ndiyo hali ilivyo, Don Aníbal. Nusu ya kijiji wana mtu huko."

"Sikatai. Wala sikwambii udanganye. Nakwambia hadithi haiwezi kubeba kila kitu. Kata, tubaki na jiko."

Alikuwa na haki kiasi. Kila anayefupisha hukata. Ilse aliketi tena, akaiondoa aya ya nyumba, na hadithi ikabaki na pengo. Msomaji angeuliza: huyu mama mjane anaishi vipi? Akaliziba pengo kwa sentensi zake mwenyewe, ambazo mkurugenzi hakumwomba. Aliandika: *Tangu mumewe afariki, Tomasa yuko peke yake. Hana mtu wa kumsaidia. Ana moto tu, na moto unamtoa machozi.* Aliisoma kwa sauti ya chini na mwili ukamsisimka jinsi mtu anavyosisimka akipata neno linalokaa mahali pake. Kwenye ile picha pembe ya ukuta wa samawati ilionekana dirishani. Akaikata picha upande mmoja mpaka pembe hiyo ikatoweka. Akaipa hadithi kichwa: *Machozi ya Tomasa*. Mwishoni aliandika kwamba wewe unayesoma unaweza kuyafuta leo, akaweka kitufe kimoja cha kuchangia.

Ilitoka katikati ya Novemba, Kihispania na Kiingereza. Kufikia wikendi ilikuwa imesomwa na watu wengi kuliko maandishi yote ya mwaka yakijumlishwa. Michango ikaingia kwa namna ambayo mhasibu alitoka chumbani kwake kuja kuuliza kuna nini. Wanawake wa Kanada waliandika kwamba wamelia. Don Aníbal alinunua keki, akamwita Ilse mbele ya wote, akasema, "Tazameni jinsi ripoti inavyogeuzwa kuwa mtu." Ilse alikula keki yake akiwa na furaha ya kweli. Kama kulikuwa na kitu kilichomkwaruza, alikiita uchovu.

*

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya ofisi wiki iliyofuata, kutoka namba ya Marekani. Ilse aliufungua akidhani ni mchangiaji.

"Habari za huko. Mimi naitwa Nehemías Caxaj Puac." Nyuma yake kulikuwa na mlio wa nyundo. "Natafuta huyo aliyeandika habari ya mama yangu. Sijui ni seño au ni bwana. Nataka kuuliza tu. Hapa kanisani kwetu tumejaa watu wa Chuitzalá, na mtu ameiweka hiyo habari kwenye kundi letu la simu. Jumapili nimeingia, wananiangalia. Mmoja ananiambia, kumbe Nehemías, ile nyumba ni ya kupigia picha tu, mama anakula moshi. Wakacheka. Mwingine ananipa mkono, ananiambia, kaka, kama hali ni ngumu si ungesema, tungechanga." Nyundo zikaendelea. "Miaka tisa niko juu ya mapaa ya watu. Mwaka jana nilianguka, sikumwambia mama, na mwezi ule pia nilituma. Mnasema hana mtu. Sasa mimi ni nani? Ndiyo hilo tu ninalouliza. Mimi ni nani."

Ujumbe ukakatika. Ilse alibaki ameshika simu sikioni. Alihisi joto likimpanda kutoka kifuani hadi masikioni, na jambo la kwanza alilofanya, ambalo baadaye lilimuumiza kulikumbuka, ni kutazama kama mlango umefungwa, mtu asije akawa amesikia.

Alipomweleza Don Aníbal, alisikiliza hadi mwisho. "Pole yake," akasema. "Lakini mama aliweka sahihi."

"Aliweka sahihi ya picha na jina. Hakuweka sahihi ya kuwa hana mtoto."

"Hatukuandika hana mtoto."

"Tumeandika hana mtu. Nimeandika mimi."

"Ilse, kampeni iko katikati. Tutaiacha imalizike, kisha Januari tunaiondoa taratibu. Watu watasahau."

Candelaria hakuwa mpole hivyo. Alikuwa amepanda kijijini siku iliyotangulia na nyumba mbili hazikumfungulia. "Mimi ndiye niliyekupeleka," alisema, hata hakukaa. "Miaka minne nabisha hodi milango ile. Walikataa majiko mwanzoni, unajua? Walisema tunataka kuuza sura zao. Nikawaapia. Sasa wewe umewaonyesha kwamba walikuwa na haki."

"Nitakwenda kumwomba radhi."

"Utakwenda. Nami nitakuja, kwa sababu Kik'iche' chako hakitoshi kwa hilo unaloenda kusema."

*

Nan Tomasa aliwapokea kama alivyompokea mara ya kwanza. Akawawekea viti karibu na jiko, akamimina uji, akauliza habari za njia. Yesenia, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akifanya hesabu za shule kwenye benchi. Bibi yake alimtuma kwa jirani. Hapo Ilse alielewa kwamba anajua.

"Nan, nimekuja kuhusu habari niliyoandika."

"Yesenia alinisomea kidogo kwenye simu, akaacha. Akasema macho yanamuuma." Nan Tomasa akakunja mikono kwenye mapaja. "Nisomee wewe. Yote."

Ilse hakuwa ametarajia hilo. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi, amefanya mazoezi ndani ya basi. Alitoa simu, akaanza kusoma kwa Kihispania, na Candelaria akawa anafuata kwa Kik'iche', sentensi baada ya sentensi. Mwanzo ulipita. Moshi kama ng'ombe aliyelala. Nan Tomasa akaitikia kwa kichwa, ni maneno yake. Lakini kadiri alivyoendelea, Ilse alisikia jinsi sentensi zilizomsisimua ofisini zilivyosikika mahali zilipotoka. *Mikono iliyopasuka. Giza la kibanda.* Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha mawili. Alitamani kuruka mistari, na alijua Candelaria anamtazama.

Alipofika pale, alisoma: "Tangu mumewe afariki, Tomasa yuko peke yake. Hana mtu wa kumsaidia."

Candelaria hakutafsiri. Alitazama moto.

"Amesema nini?" aliuliza Nan Tomasa.

"Hayo asome mwenyewe," alisema Candelaria. "Mimi mdomo wangu hauyasemi."

Ilse akatafuta maneno. Yalikuwa maneno mepesi, ya utotoni. Bibi yake alikuwa akiyatumia juu ya kifaranga aliyeachwa. Akayasema kwa Kik'iche' kibovu, uso umeinama: uko peke yako, huna mtu.

Nan Tomasa aligeuza tortiya moja, akaigeuza tena ingawa ilikuwa imeiva.

"Huyu mama anatia huruma kweli," alisema hatimaye. "Hata mimi ningempa kitu." Kisha sauti yake ikashuka. "Nilikupandisha juu. Nilikuonyesha kitanda. Wageni wengine siwapandishi."

"Najua, nan."

"Ulikigusa kile kitanda."

"Ndiyo."

"Kwa umaskini sikasiriki. Umeandika nina mikono iliyopasuka, ni kweli, tazama. Lakini mwanangu hajanipigia simu tangu Jumapili ile. Kila Jumapili hupiga. Mimi nikipiga, hapokei. Anaona aibu kwangu, na mimi naona aibu kwake, kwa sababu anadhani nimekwenda kumlilia mgeni kwamba ameniacha." Akamtazama Ilse usoni. "Na yale machozi, mwanangu. Uliyataka wewe. Mimi nilipuliza moto kwa sababu uliniomba."

Ilse alilia. Akajaribu kujizuia kwa sababu alijua kwamba kulia hapo ni kumtwisha Nan Tomasa kazi nyingine ya kumbembeleza, na ndivyo ilivyokuwa: mama yule akamsogezea kitambaa, akamwambia anywe uji usipoe. Hakuna adhabu ambayo Ilse angeweza kujichagulia kali kuliko wema huo.

Candelaria alimpigia Nehemías kwa video, kwa simu yake mwenyewe, namba asiyoijua, na akapokea. Uso wake ulikuwa mpana kama wa mama yake, kofia ya kazi kichwani. Alipomwona mama nyuma akataka kukata.

"Usikate," alisema Ilse. "Mimi ndiye niliyeandika. Mama yako aliniambia habari zako zote, tangu mwezi wa kwanza uliotuma. Alinionyesha nyumba. Nilivikata. Na zile sentensi za kwamba hana mtu nilizitunga mimi, yeye hakuzisema. Picha pia niliipanga mimi. Nimekuja kuomba radhi."

Nehemías aliivua kofia. "Unaniomba radhi hapa," akasema, "ndani ya simu, tuko wanne. Wao hawakusoma ndani ya simu yangu. Wamesoma pale mlipoweka. Basi sema pale pale."

"Nitasema."

"Utasema au utafuta tu? Mkifuta watasema nimewatishia."

"Nitasema."

"Mama," alisema Nehemías kwa Kik'iche', bila kumjibu tena Ilse, na Ilse akatoka nje pamoja na Candelaria wakawaacha. Kutoka uani walisikia sauti ya Nan Tomasa ikipanda na kushuka, ikigomba, kisha ikicheka kidogo.

*

Marekebisho aliyaandika mafupi. Aliyaweka juu kabisa ya ukurasa ule ule, kabla ya kichwa, ili asiwepo wa kuifikia hadithi bila kuyapita. Aliandika kwamba Nan Tomasa Puac hayuko peke yake. Kwamba mwanawe Nehemías amemtunza bila kukosa na amemjengea nyumba. Kwamba mwandishi alijua hayo na akayaacha. Kwamba picha ilipangwa kwa ombi la mwandishi, na machozi ni ya moshi. Akaweka jina lake. Kabla ya kumpelekea mkurugenzi, alimpigia Nan Tomasa akamsomea, na Nan Tomasa akamwambia aongeze kwamba nyumba ni ya ghorofa mbili.

Don Aníbal aliyasoma akavua miwani. "Ukiweka haya, watu watadai kurudishiwa pesa. Unajua?"

"Najua."

"Na mshirika wetu wa Kanada atauliza kama na zile hadithi nyingine ni hivi."

"Aulize. Kati yake kuna mbili nitakazohitaji kuzirekebisha pia."

Don Aníbal aliyapitia tena yale marekebisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona vijiji vikikosa majiko kwa sababu hadithi haikugusa mtu. "Mimi nilikwambia ukate," alisema mwishowe. "Weka na jina langu."

Yalitoka Ijumaa. Baadhi ya watu walidai pesa zao, wakarudishiwa. Bibi mmoja wa Halifax aliandika barua ndefu ya hasira, kwamba alikuwa amewasomea wajukuu zake hadithi ile na sasa atawaambia nini. Ilse alimjibu mwenyewe na hakupata jibu. Wengine wachache waliandika kushukuru. Wengi hawakuandika chochote, wakaendelea na maisha yao. Kampeni ilimalizika chini ya matarajio, na kijiji kilichofuata kikapata nusu ya majiko yaliyopangwa. Candelaria ndiye aliyekwenda kuwaeleza, na Ilse alikwenda naye akaketi pembeni akasikiliza wanawake wakipanga majina ya watakaopata majiko na ya watakaongoja.

Hadithi mpya ya Nan Tomasa ilitoka Februari. Picha aliichagua yeye: amesimama kati ya zile nguzo mbili, mkono kiunoni, nyuma yake ghorofa yote ya samawati, na pembeni moshi mwembamba ukitoka kwenye bomba la kile chumba cha udongo. Ilieleza kwa nini mama mwenye nyumba kama ile bado anapikia kwenye kile chumba cha udongo, na kwa nini pesa za mtoto hujenga kuta lakini haziondoi moshi wa jikoni. Ilisomwa kiasi. Nehemías aliituma kwenye kundi la kanisa bila neno lolote. Ilse alimwandikia kumshukuru. Aliona alama kwamba ameusoma ujumbe, na ikaishia hapo. Hakuwahi kumwandikia, wala Ilse hakuona kwamba anamdai jibu.

Machi ilikuja ripoti nyingine, ya kijiji cha juu zaidi, na Candelaria akampa jina la mama mmoja, Nan Dominga Batz, aliyekuwa na habari nzuri ya kusimulia kuhusu majirani waliojengeana majiko kwa zamu. Ilse alipanda peke yake. Alieleza anachotaka kuandika, nani atasoma, na kwamba atamsomea kila neno kabla halijatoka, na anaweza kukataa hata siku ya mwisho.

Nan Dominga alisikiliza huku akipukuchua mahindi.

"Wewe ndiye yule wa Chuitzalá?"

Ilse alihisi joto lile lile masikioni. "Ndimi, nan."

"Basi mimi sitaki kuandikwa."

"Sawa, nan."

"Hutanibembeleza?"

"Hapana."

Nan Dominga akamtazama kidogo, akamsogezea kapu la mahindi. "Basi la kurudi halipiti mpaka jioni," alisema. "Kaa unisaidie."

Ilse akaweka mfuko wa kamera chini, akachukua hindi moja, akaanza kupukuchua.